Video Waliyosema Imekufa

Mwenye mwalo, pale tunapooshea dhahabu, alinijia nikiwa nimeinama kwenye karai, naosha mchanga wa dhahabu. Alikuwa anacheka.

"Mayu, mama yangu, ile video yako imekufa. Nimepitisha kidole asubuhi nzima, sijaiona. Mtandao umeikataa. Kisukuma chako nani anakitaka? Cheza muziki kidogo, watu watakuona."

Nilikuwa nimeirusha asubuhi hiyohiyo. Nilirekodi kibanda chake pale Nyarugusu, ambamo tunachoma zebaki ili dhahabu ibaki, na hatua chache tu kutoka hapo mama lishe alikuwa anapika wali. Nilisema kwa Kisukuma kwamba moshi ule ni sumu, na watoto wetu wanaula pamoja na chakula.

Nikafuta mikono kwenye kitenge. "Shika simu yako tuone."

Alikuwa kwenye ukurasa wa mapendekezo. Mpira, ngoma, mpira tena.

"Hapa mtandao unakuchagulia," nikamwambia. "Wenyewe huangalia ulichotazama mpaka mwisho, kisha hukuletea kinachofanana nacho. Mimi unanifuata, lakini huku hiyo si ahadi kwamba utaniona. Sasa bonyeza pale juu, palipoandikwa unaowafuata."

Akabonyeza. Nikatokea mimi, karibu na juu kabisa, kwa sababu kule wanakaa wale uliowachagua mwenyewe, na mara nyingi video mpya ndizo zinazotangulia.

Kicheko kikamwisha. Hapo nikaelewa kwamba kufa kwa video ile kulikuwa kumemfurahisha.

Mchana ule niliwaonyesha wanawake wenzangu pa kubonyeza. Waliitazama yote, wakabishana, wakawatumia dada zao walioko Kharumwa. Baada ya siku kadhaa, kwenye ukurasa ule wa unaowafuata, video yangu ilikuwa imeshazama chini ya video mpya za watu wengine. Nikadhani safari yake imeisha.

Ndipo akaniandikia mama mmoja wa Maganzo, hanijui wala hanifuati: "Imenijia tu kwenye mapendekezo. Hata huku kwetu moshi huo upo. Tufanyeje?" Wakafuata wengine. Sijui ni kipi hasa kiliisukuma, mtandao haukuniambia. Najua tu kwamba watu waliitazama, wakaisambaza, nao mtandao ukaanza kuwapelekea wageni.

Mwenye mwalo akarudi, safari hii bila kucheka. "Ifute. Umenichafulia mwalo."

"Sifuti."

"Basi hapa huoshi tena."

"Nitaosha kwingine. Hamisha jiko la mama lishe, nami nitarekodi umelihamisha. Nitakusifu kwa Kisukuma hichohicho."

Nilibeba karai langu, nikaenda kuomba nafasi mwalo wa jirani. Jiko hakulihamisha yeye. Mama lishe alibeba sufuria zake mwenyewe akaja nyuma yangu, na wateja wake wakamfuata.

Bado wananishauri nicheze muziki ili nipendekezwe. Ninarekodi zebaki. Atakayeletewa na mtandao, karibu. Asiyeletewa, anajua pa kubonyeza.