Siku Ishirini na Nane za Mbuke

Mimi ndiye niliyempa Mbuke mkataba wake wa kwanza wa kazi, na nilimpa vibaya. Mimi ni afisa utumishi wa maabara binafsi hapa Geita, tunapima sampuli za mawe kujua kama yana dhahabu. Siku ile nilikuwa na wageni mlangoni na simu sikioni. Nikamwonyesha pa kusaini. "Majaribio miezi sita, notisi siku ishirini na nane, saini hapa na hapa." Yeye akasaini, akanipigia goti kidogo la heshima, akasema, "Asante, mama Blessing." Nilijiona nimefanya kazi.

Alikuwa ametoka chuo kikuu na shahada ya kemia, mtoto wa kwanza kusoma katika nyumba ya mfugaji mmoja karibu na Kagongwa. Kazi yake ilikuwa kupokea mifuko ya sampuli, kukausha, kusaga na kuandika namba. Alifika kabla ya mlinzi kufungua geti. Mchana hakwenda kwa mama ntilie; alikuwa na kopo la michembe, viazi vitamu vilivyokaushwa nyumbani kwao, akitugawia kimoja kimoja kama peremende. Tulimcheka, tukala, tukamzoea.

Jioni ile ya kusaini alimpigia baba yake, mzee Masalu. Akamwambia amepata kazi ila yuko kwenye majaribio miezi sita. Hapo ndipo mambo yalipoharibika, na hakuna aliyejua.

Kwao, na kwa wengi wetu, mtoto aliye kwenye mtihani haambiwi msiba. Mbuke alipokuwa kidato cha nne bibi yake alifariki, wakamzika, naye akaambiwa baada ya karatasi ya mwisho. Majirani wote walimsifu mzee kwa busara hiyo. Sasa mzee aliposikia majaribio alielewa mtihani. Akawakusanya mke wake na Bujiku, kaka yake Mbuke, akawaambia hadi miezi sita iishe mtoto asisikie habari mbaya yoyote. Akatenga na dume moja la ng'ombe la kuchinja siku atakayofaulu.

Mwezi wa pili wa majaribio mzee alianza kushindwa kumeza. Hospitali wakasema ni saratani ya koo. Sauti ikaanza kumkauka. Mbuke akipiga simu, mama yake, mama Bujiku, alijibu kwamba mzee yuko na ng'ombe. Mzee huyu maisha yake yote alikuwa na ng'ombe, kwa hiyo Mbuke hakuwa na sababu ya kushuku.

Mwezi wa nne Donatus, mkuu wa maabara, alimwita kwenye tathmini. Mimi nilikuwepo nikiandika. Alimwambia kazi yake ni nzuri ila mara mbili amechanganya namba za mifuko, akampa nafasi ya kujieleza, akampa mwezi mmoja kurekebisha. Ndivyo majaribio yanavyotakiwa kwenda: mtu anaelezwa kasoro yake, anasikilizwa, anasaidiwa, anapewa muda. Mbuke alisikia kitu kimoja tu, kwamba anafeli. Alitoka ofisini akaacha kalamu yake mezani. Nilimwona, nikaendelea kuandika.

Namba hakuchanganya tena. Wiki ya tatu ya mwezi uliofuata, saa ya chakula, Bujiku akashindwa kuvumilia. Alimpigia akamwambia kila kitu: baba anakunywa uji kwa mrija, haongei, na daktari amewarudisha nyumbani.

Mbuke alirudi kwenye kabati lake, akatoa mkataba, akausoma peke yake. Akaona kipengele kinachosema upande wowote ukitaka kuvunja mkataba utoe notisi ya maandishi ya siku ishirini na nane. Kuomba ruhusa hakukumjia kabisa akilini. Mtu anaombaje ruhusa katikati ya mtihani? Akaandika barua ya kuacha kazi, akataja "sababu za kifamilia," akaileta mezani kwangu.

Nikaisoma. Nikafikiri: huyu amepata kazi mgodini, hawa watoto wa siku hizi hawatulii. Niligonga mhuri bila hata kumwambia aketi. Mungu anisamehe mhuri ule.

Akafanya kazi siku zile moja baada ya nyingine. Baba yake alimfundisha kwamba aliyekabidhiwa ng'ombe wa watu haondoki malishoni mpaka mwenyewe aje ahesabu. Basi akamfundisha kazi mtu wa kushika nafasi yake, akapanga mifuko, akaandika namba kwa herufi kubwa.

Siku ya kumi na tisa asubuhi aliingia ofisini kwangu. Macho makavu.

"Shikamoo, mama Blessing."

"Marahaba. Vipi leo?"

"Zimebaki siku tisa za notisi. Baba amefariki alfajiri. Naomba siku mbili nikazike, nitarudi kuzifidia."

Nilisimama nikakaa tena. Nikamuuliza baba aliugua lini, akanieleza yote, tangu simu ya Bujiku, kwa sauti ya mtu anayesoma orodha.

"Mbuke, kwa nini hukuniambia?"

"Nilikuwa kwenye majaribio."

"Majaribio ni kazi, mwanangu! Ni ajira kama ya wengine. Ungeniomba ruhusa bila malipo, ningekuandikia siku hiyohiyo. Na hiyo notisi, tungekubaliana tungeifuta, ungeondoka jioni ileile. Hata ungeondoka bila kukubaliana, tungekukata mshahara wa siku ambazo hukufanya kazi, basi. Hakuna anayekufunga kamba."

"Kwa hiyo ningemkuta?"

Angemkuta. Angekaa naye siku kumi na nane.

Donatus alipoambiwa alisema siku tisa zifutwe, na siku nne za kufiwa na mzazi azipate kwa malipo kama wafanyakazi wengine, awe majaribio asiwe majaribio. Akaniambia pia nimwambie kwamba akitaka kuiondoa barua yake aiondoe, na atathibitishwa. Kasoro ilikuwa imekwisha zamani. Nilimwambia Mbuke ndani ya gari tukienda Kagongwa. Alikuwa ameshika kopo tupu la michembe mapajani.

Tulikuta watu wamejaa uani na moshi wa majungu. Bujiku alikuja akamshika dada yake, na hapo Mbuke akalia. Nilikwenda kumpa pole mama yao chini kwenye mkeka. Karibu na zizi vijana walikuwa wanachuna ngozi ya dume. Nikamuuliza mwanamke aliyekaa jirani yangu, akaniambia ndilo lile lililotengwa.

Mama Bujiku aliniuliza mimi ni nani. Nikamwambia natoka kazini kwa Mbuke, mimi ndiye wa mikataba. Akanishika mkono kwa mikono yake miwili kwa heshima, kama vile nimewafanyia hisani.

"Mzee alitusihi tusimkatize," alisema. "Alipokuwa haongei tena, alikuwa akituonyesha vidole. Miezi iliyobaki. Juzi alionyesha kimoja."

Kisha akasogea karibu, akashusha sauti ili waombolezaji wasisikie.

"Mwalimu, niambie nikamwambie pale kaburini. Mtoto amefaulu?"

"Amefaulu, mama," nikasema. "Amefaulu siku nyingi."