Kivuli cha Ghorofa Kwenye Mteremko

Shule niliyokuwa nikifundisha iko juu ya Kibugu, mahali mashamba ya chai yanapokaribia kugusana na msitu wa mlima. Mimi ni mzaliwa wa upande wa Maua, na nilipoletwa huko kufundisha hesabu, watu walinielewa nusu kwa Kimeru changu na nusu kwa Kiswahili cha shuleni. Wanafunzi walinizoea upesi. Kilichochukua muda ni wao kulizoea somo langu.

Kila mwaka, Kidato cha Pili kilipofika kwenye sine, kosine na tanjenti, niliona kitu kilekile. Nachora pembetatu ubaoni, naandika herufi kwenye pembe zake, nawaambia tanjenti ya pembe ni upande unaotazamana na pembe hiyo ukigawanywa kwa upande unaopakana nayo. Wanaandika. Wanakariri. Wiki mbili baadaye ukiwauliza tanjenti ni nini, wanakutajia wimbo wa herufi na hawajui unahusu kitu gani duniani. Mwaka huo nikaamua tutaanzia nje, kwa vivuli, na neno tanjenti lisitajwe mpaka wawe wamelishika kwa mikono.

Tulikuwa na jengo moja tu la kutosha kupimwa: ghorofa moja ya madarasa, ya mawe ya kuchongwa, iliyojengwa kwa michango ya wazazi. Paa lake lilifichwa na ukuta mfupi uliozunguka juu, kwa hiyo ukingo wake ulikuwa umenyooka na kivuli chake kilikuwa safi. Asubuhi kivuli hicho kiliangukia upande wa magharibi, kwenye nyasi. Ulikuwa mwezi wa tisa. Ukungu wa Agosti ulikuwa umeanza kutuachia, na nilijua ni lazima tupime mapema, kwa sababu kwetu hapa, karibu na ikweta, mwezi huo jua la adhuhuri hukaa juu ya kichwa na kivuli chako mwenyewe unakikanyaga.

Katika darasa hilo kulikuwa na msichana aliyerudi shuleni baada ya kujifungua. Alikuwa amekaa nyumbani mwaka mzima. Wenzake wa zamani walikuwa Kidato cha Tatu, na hawa aliowakuta walimwona mtu mzima asiyefaa kuketi nao. Mama yake alichuma chai, na siku za kuchuma bibi yake ndiye aliyebaki na mtoto. Alikaa dawati la nyuma karibu na mlango, hakusumbua mtu, na katika muhula mzima sikumbuki akiinua mkono. Naibu wa mwalimu mkuu alikuwa amenishauri nisimbane sana, asije akaacha tena. Nilifuata ushauri huo, na kusema kweli ulinirahisishia kazi.

Asubuhi yenyewe tulitoka na tepu mbili, vijiti vya urefu wa mita moja na vigingi. Niliwaeleza kwamba jua liko mbali kiasi kwamba miale yake inatufikia ikiwa sambamba, ndiyo maana kwa wakati mmoja kijiti na jengo vinapata kivuli kwa uwiano uleule. Ukijua kijiti ni mara ngapi ya kivuli chake, utajua na jengo. Kisha nikawaambia wajigawe, kila kundi lisimamishe kijiti chake wima, na nikipiga filimbi wote wapime kwa pamoja, maana kivuli hakimsubiri mtu.

Walijigawa kama watoto wanavyojigawa. Wengi walimfuata mvulana mmoja aliyekuwa akiongoza darasa kila mtihani, wakashuka naye hadi uwanja wa netiboli, mahali palipokuwa pamesawazishwa. Wachache walibaki. Yule msichana na wenzake wawili ambao hawakuchukuliwa na mtu walisimamisha kijiti chao palepale kwenye nyasi, kando ya kivuli cha jengo, huku mmoja akishika uzi wenye jiwe kuhakikisha kijiti hakiinami.

Nilipiga filimbi. Kivuli cha jengo, kutoka chini ya ukuta hadi mwisho wake, kilikuwa mita kumi na sentimita tano. Tukapigilia kigingi hapo. Kisha tukarudi darasani kupiga hesabu.

Kundi la uwanjani lilisema kijiti chao kilitoa kivuli cha mita moja na robo. Moja gawanya kwa moja na robo ni sifuri nukta nane. Wakazidisha kwa urefu wa kivuli cha jengo, wakapata mita nane na kidogo. Kundi la wasichana watatu lilisema kivuli chao kilikuwa mita moja na sentimita arobaini na nne. Jengo lao likatoka karibu mita saba.

Darasa likacheka. Yule mvulana hakucheka, lakini alisema kwa upole, kama mtu anayemsamehe mwenzake, kwamba bila shaka kijiti chao kilikuwa kimelala. Msichana aliyeshika uzi akasema hakikulala. Wakaanza kubishana, wengine kwa Kiembu. Moyoni nilikuwa upande wa wale wa uwanjani. Nilikuwa nimejaribu zoezi hilo peke yangu wiki iliyotangulia, na kijiti changu nilikuwa nimekisimamisha uwanjani vilevile.

Nikawauliza tutajuaje nani yuko sawa bila kupanda juu ya paa. Mmoja akasema tuhesabu mawe. Ukuta ule haukupigwa plasta, kila mstari wa mawe unaonekana. Tukatoka tena. Tulipima mistari kumi ya chini, pamoja na saruji iliyo katikati yake, tukapata mita mbili na robo. Ukuta mzima ulikuwa na mistari ishirini na minane, na mikanda miwili ya zege ambayo kila mmoja ulikuwa na unene wa sentimita thelathini na tano. Hesabu hiyo walifanya wamesimama, midomo ikienda bila sauti. Mita saba.

Hakuna aliyecheka. Mvulana yule aliangalia ukuta, akahesabu mawe upya peke yake, kisha akaniuliza kwa nini basi njia yao imewadanganya wakati wamefanya nilivyosema. Lilikuwa swali la haki. Nilimwambia sijui bado, na kwamba sote tulifikirie mpaka kesho.

Kengele ililia, wakaondoka. Yule msichana wa nyuma hakuondoka. Alibaki kwenye nyasi akiangalia kutoka ukutani hadi kwenye kigingi, halafu akaja karibu nami. Alizungumza akiwa ameangalia chini.

"Mwalimu, juzi ulituambia pembetatu ya namna hii lazima iwe na pembe mraba. Hapa iko wapi?"

Nilianza kumwonyesha mahali ukuta unapokutana na ardhi, na mkono wangu ukasimama kabla sijamaliza. Ukuta ulikuwa wima. Ardhi haikuwa sawa. Nyasi zile ziliteremka kutoka kwenye ukuta kuelekea bondeni, mteremko mdogo ambao kwa miaka minne nimeupita kila asubuhi bila kuuona, kwa sababu Kibugu yote ni mteremko.

"Hakuna," nikamwambia.

"Lakini yetu imetoka sawa."

"Kijiti chenu na jengo viko kwenye mteremko mmoja. Pembetatu zenu zote mbili zimepinda sawasawa, kwa hiyo zinafanana. Wenzenu walichukua uwiano wa mahali tambarare wakauleta kwenye mteremko."

Alirudi kukitazama kigingi. Kisha akauliza kama tunaweza kuitengeneza hiyo pembe mraba. Nikamwambia kesho tutajaribu, na nikamwomba awaulize wenzake swali lilelile aliloniuliza, kwa maneno yaleyale. Aliniambia hawezi. Nikamwambia sawa, nitauliza mimi. Akatembea hatua chache, akageuka, akasema labda atajaribu.

Kesho yake alisimama mahali pake nyuma, akauliza. Sauti ilikuwa ndogo hata wa mbele wakamwomba arudie, na mara ya pili ikatoka kubwa kidogo. Darasa lilitoka nje likaangalia ardhi kama ambavyo haijawahi kuangaliwa. Niliazima mpira mwembamba wa maji unaoonyesha ndani, ule wanaoutumia mafundi kusawazisha msingi. Tukaujaza maji, ncha moja tukaishika chini ya ukuta, nyingine tukaisimamisha kwenye fimbo pale kwenye kigingi cha jana. Maji hayajui kudanganya kuhusu usawa. Kwenye fimbo yalisimama mita moja juu ya ardhi. Tukavuta uzi kutoka chini ya ukuta hadi kwenye alama hiyo, ukiwa umelala sawa hewani, tukaupima. Mita kumi.

Sasa walikuwa na pembe mraba ya kweli. Mvulana yule ndiye aliyechukua chaki. Uwiano wa uwanjani, nukta nane, mara mita kumi, ni mita nane. Alisimama hapo akiwa amekunja uso, kwa kuwa ile nane yake ya jana ilikuwa imerudi.

"Ni nane kutoka usawa wa kigingi, kule chini," yule msichana akasema. "Toa moja ya mteremko."

Akatoa. Saba.

Ndipo nilipowaambia kwamba ile nukta nane ina jina. Ni tanjenti ya pembe ambayo jua lilikuwa limepanda juu ya upeo tulipopiga filimbi. Tukafungua kitabu cha majedwali, tukatafuta nukta nane, tukapata digrii thelathini na nane na sehemu kubwa ya digrii moja. Mmoja akauliza kama saa nne pembe ingekuwa kubwa zaidi. Nikamwuliza kivuli cha kijiti kingekuwaje. Akasema kifupi zaidi, kisha akatabasamu mwenyewe.

Sitaki kusema kwamba siku hiyo ilimgeuza yule msichana. Wiki mbili baadaye mtoto wake aliugua kifua na yeye akakosa shule siku kadhaa, nikahofia. Alirudi. Alipokuja alikuta mvulana yule amemwandikia mazoezi ya sine na kosine kwenye karatasi, na kwa mara ya kwanza niliwaona wanafunzi wale wakimsogelea wenyewe kwenye dawati lake. Walimwuliza zaidi kuhusu mtoto kuliko kuhusu hesabu, na hilo nalo lilinifurahisha. Alimaliza Kidato cha Nne. Katika hesabu alipata alama ya katikati, si ya kujivunia wala ya kuonea aibu.

Mwaka jana nilihamia shule nyingine, chini kidogo, karibu na mji wa Embu. Siku moja nilikutana naye mtaa wa Majimbo akiwa amemshika mtoto mkono, msichana mwenye mkoba mpya mgongoni. Aliniambia anauza katika duka la dawa za mifugo na jioni anasoma kozi ya uhasibu. Tuliongea juu ya bei ya nyumba, juu ya mama yake ambaye mgongo umeanza kumsumbua kwa kuchuma. Hatukutaja vivuli hata kidogo. Alipoaga alimwambia mtoto, "Msalimie cucu," na mtoto akanipa mkono, na mimi, ambaye sijafika umri wa kuitwa nyanya, nikaupokea.