Miaka Mitano ya Muthoki

Nikuambie habari ya jirani yangu Muthoki, wengine humwita Mama Kaveke, mpishi wa shule moja ya binafsi hapa Kitui kwa miaka ishirini na miwili, hadi shule ikafungwa Desemba. Alitaka kitu kimoja tu: kibanda cha chakula sokoni Zombe. Mwenye kibanda, Abdiqani, alimpa hadi Ijumaa alipe kodi ya miezi sita.

Jumatano akaenda ofisi ya NSSF, mfuko wa akiba ya wafanyakazi, kutoa pesa zake, na bahasha yake: kitambulisho, cheti cha PIN ya ushuru, barua ya kuachishwa kazi, karatasi ya benki. Kijana wa kaunta, Nzioka, akazipanga moja moja.

"Mwaitu, mama yangu, karatasi zote ziko sawa. Shida ni miaka. Aliyeacha kazi anatoa akiba akiwa na miaka hamsini. Wewe uko arobaini na saba."

"Mimi? Mimi niko hamsini na mbili, mwanangu!"

Na ni kweli. Utotoni alichunga mbuzi mpaka akachelewa shule. Baba yake, kwa aibu ya binti mkubwa kukaa darasa moja na watoto, akampunguzia miaka mitano alipomwandikisha. Kitambulisho kikafuata cheti cha shule, naye akatia sahihi.

"Kadi yangu ya ubatizo inasema ukweli," Muthoki akasema.

"Sisi tunafuata kitambulisho. Karekebishe kule kwa msajili kwanza."

"Nikienda huko si wataniuliza kwa nini nilitia sahihi uongo?"

Nzioka akamrudishia kitambulisho. "Watakuuliza."

"Hakuna njia ingine?"

"Kuna ugonjwa. Daktari athibitishe huwezi kufanya kazi tena kabisa. Ama uhame Kenya usirudi."

"Nihamie wapi na hizi mbuzi zangu?"

Walicheka wote wawili, halafu Muthoki akaacha kucheka.

Nje, mwanamume mmoja aliyekuwa amesikia akamfuata. "Mama, mgongo haukusumbui? Kuna daktari namjua. Karatasi ni ya siku moja."

Mgongo ulimsumbua, sufuria za shule si mchezo. Lakini fikiria: aandikwe hawezi kazi, kisha kesho aonekane Zombe akikoroga githeri ya mahindi na maharagwe? Na kudanganya miaka tayari kulikuwa kumemfungia mlango.

"Mgongo wangu uache hivyo," akamwambia. "Uongo wa baba umenitosha."

Akakaa kwenye benchi la barazani, akahesabu tena kwa vidole. Miaka mitatu hadi hamsini ya kitambulisho. Akampigia Abdiqani.

"Mpe mwingine kibanda."

"Mama Kaveke, nikungoje hadi Jumatatu?"

"Jumatatu nitakuwa bado arobaini na saba, ndugu yangu."

Abdiqani hakuelewa, akaanza kuuliza. Muthoki akamwambia kredo ya simu inaisha, akakata, akaanza kurudisha karatasi zake ndani ya bahasha.