Chumba cha Mbele kwa Bi Khole

Bi Khole hakuacha kamwe kuvua makubazi yake kila alipofika mbele ya mlango wa chumba cha mbele. Aliyavua, akayashika mkononi, akapita pekupeku hadi uani, na huko ndiko alikoyavaa tena. Alifanya hivyo hata baada ya chumba kukodishwa kwa kijana wa saluni, na spika ya saluni ikawa inapiga muziki mpaka vikombe vinatikisika kabatini.

"Bibi, unamnyatia nani?" wajukuu walimcheka. "Hata ukipita na ngoma, humo hakuna atakayekusikia."

"Miguu imezoea," alijibu, akaendelea na safari yake.

Levina aliyakuta makubazi hayo mkononi mwa Bi Khole siku ya kwanza alipofika nyumba ile. Alikuwa afisa maendeleo ya jamii wa kata, mgeni katika kazi hiyo, na kila mzazi aliyeulizwa mtoto wake anasomea wapi alimpa jibu moja: kwa Bi Khole. Vijana wa bodaboda walipaita Chuo Kikuu.

Chumba chenyewe kilijengwa na babu yake Bi Khole kuwekea mizigo ya misafara. Kuta zake za udongo zilikuwa nene kama kifua cha ng'ombe; kelele za Tabora zilifika mlangoni zikachoka. Bi Khole, mjane ambaye watoto wake walikuwa wametawanyika na biashara, alianza kwa kumwita binti mmoja wa jirani aliyemkuta akisoma juu ya ndoo iliyofudikizwa, nje, karibu na choo. Binti akaleta mwenzake. Baadaye milango miwili ya zamani iliwekwa juu ya matofali ikawa meza: wasichana ya ndani, wavulana ya karibu na barabara. Aliyetaka kubishana hesabu alikwenda uani. Aliyetaka kusinzia alikwenda kwao. Kuanzia alasiri mpaka baada ya isha Bi Khole alikaa kwenye mkeka ukumbini, akichambua mchele alioletewa na mwanawe Fauzi kutoka Igunga. Hakufundisha kitu. Alikaa tu.

Levina alisimama mlangoni siku ile akaona vichwa vimeinama, akakumbuka nyumba ya vyumba viwili alikokulia, redio ya baba yake na kilio cha mdogo wake wa mwisho. Alitamani na yeye aketi.

Kwa hiyo shirika moja lilipotangaza kwamba linasaidia vyumba vya kusomea mitaani, alilifuata kwa moyo wake wote. Shirika lilikubali kutoa meza, viti, vitabu vya kiada na taa za sola. Sharti lilikuwa moja: mali ya umma haiwekwi nyumbani kwa mtu. Lazima chumba kiwe cha umma. Ofisi ya kata ilikuwa nacho kimoja, kitupu.

Akaenda kumwambia Bi Khole. Aliletewa kahawa na kashata, kama kawaida.

"Wewe na makabrasha yako," Bi Khole alisema. "Leo umebeba nini?"

Levina alieleza yote. Bi Khole alisikiliza huku vidole vikitembea kwenye sinia ya mchele.

"Na jioni nani atakaa nao?"

"Tutapata msimamizi, Bi Khole. Jambo hilo limo kwenye mpango."

"Msimamizi." Akatupa jiwe dogo pembeni. "Ana watoto?"

"Bado hatujamteua."

Bi Khole akamjazia kikombe. Katika nyumba ile mgeni hakunyimwa alichokiomba. Hata aliyesifia kikawa cha kufunikia chakula alifungiwa akaondoka nacho. "Kama mmeona ni kheri, chukueni," alisema. Levina alifurahi mno hata hakutazama uso wake.

Uzinduzi ulipendeza. Bi Khole alikalishwa mbele, amevaa baibui jipya, akapigiwa makofi. Chumba kilinukia rangi na mbao. Wiki za mwanzo watoto walijaa, kwa maana mtendaji wa kata alikuwa na hamasa na ufunguo aliuacha kwa kijana wa kujitolea. Lakini kujitolea hakuleti ugali. Kijana alipata kazi kwenye ghala la tumbaku akaondoka. Ufunguo ukarudi ofisini, na ofisi hufungwa saa tisa na nusu, wakati ambao wanafunzi ndio kwanza wanatoka shuleni. Levina alijaribu kukifungua mwenyewe jioni. Siku alizoitwa vijijini, mlango ulibaki umefungwa, na mtoto akikuta kufuli mara mbili hatembei mara ya tatu.

Waliotangulia kupotea walikuwa wasichana. Levina alimfuata Mzee Alois, dereva wa bajaji, baba yake Getruda aliyekuwa kidato cha nne.

"Shikamoo, mzee. Mbona Getruda haji?"

"Marahaba. Aje wapi, afisa?"

"Kwenye chumba. Taa zipo, vitabu vipo."

"Taa nimeziona. Nzuri, hata kwangu ningezitaka." Alifuta kioo cha bajaji bila haraka. "Kwa Bi Khole nilijua nani yuko mlangoni. Giza likiingia namwambia mama yake, yuko kwa Bi Khole, tunalala usingizi. Huko ofisini yuko nani?"

"Nipo mimi."

"Jana ulikuwepo?"

Jana alikuwa kijijini.

Alirudi kwa Bi Khole kuomba chumba cha mbele kifunguliwe tena, hata bila meza za shirika. Alisikia muziki tangu kona ya barabara. Fauzi alikuwa amekuja, ameona chumba kimekaa bure, akaweka mpangaji mwenye mkataba. Asingelaumiwa, chumba kisicho na mtu ni mzigo. Getruda alifanya mtihani akiwa amesomea jikoni, kati ya moshi na redio ya mjomba. Alipata daraja la nne, akapelekwa kwa shangazi yake kujifunza cherehani. Labda angepata hilohilo popote. Hakuna ajuaye, na hilo ndilo lililomkosesha Levina raha: kwamba hangejua kamwe. Chumba cha kata kikawekwa viti vya plastiki vya mikutano, kimoja juu ya kingine, na vitabu chini yake.

Bi Khole alipoanza kuugua moyo, Levina alikuwa akimtembelea. Mara ya mwisho ilikuwa adhuhuri ya Ijumaa. Saluni ilikuwa imefungwa, mwenyewe amekwenda kuswali, na nyumba ilikuwa na ule utulivu wake wa zamani.

"Bi Khole," Levina alisema, "siku ile ungeniambia hapana."

"Ningekwambiaje hapana, na kahawa yangu iko mkononi mwako?" Alicheka, kikohozi kikamkatiza. "Sikiliza. Usiubebe mzigo huu wote. Nilikuwa nimechoka. Kila jioni mkekani, kila jioni. Nilisema, acha serikali nayo ikae. Nikapumzika siku mbili tatu, basi. Ya nne nikakaa na sinia yangu, nikamsubiri nani?"

"Tungeleta zile meza hapa kwa siri."

"Ukafungwa wewe, nani angeniletea maneno ya mjini?"

Kisha Levina akainuka, akamfunika miguu kwa khanga, akaaga. Alitoka akifuata ukumbi kuelekea barabarani, visigino vya viatu vyake vya ofisini vikigonga sakafu ya saruji. Alipokaribia mlango wa chumba cha mbele, sauti ilimfuata kutoka kitandani, ndogo lakini ya amri.

"Levina! Viatu, mwanangu."