Ripoti ya Ijumaa na Idara Husika

Pale hospitalini walimwita Mama Mashaka, na wala hawakumwita hivyo kwa ubaya. Kazi yake ilikuwa kuutilia shaka mfumo mpya wa kompyuta, ule ambao daktari angeandikia dawa akiwa chumbani kwake na watu wa dirisha la dawa wakaiona papo hapo, bila mgonjwa kuzunguka na karatasi mkononi. Watengenezaji wakishasema tayari, yeye ndipo anapoanza kuuchokoza. Alibonyeza kitufe kimoja mfululizo kama mtu mwenye haraka zake, akamwandikia mwanamume dawa za wajawazito, akazima kompyuta katikati ya kazi. Mfumo ukikubali upuuzi, aliandika. Ukikataa, aliandika pia. Ofisi yake ilibanwa kati ya stoo ya mashuka na chumba cha kufulia, na mashine za kukaushia zikipamba moto, kikombe chake cha chai kilijisogeza chenyewe mezani.

Nyumbani alikuwa yuleyule. Mlango akishaufunga, huusukuma tena kuona kama kweli umefungwa. Mumewe, fundi wa mafriji, alikuwa amekwisha kuzoea, akasema afadhali mke anayekagua mlango kuliko anayekagua simu.

Ila mtu huyu asiyeihofia mashine yoyote alikuwa mwoga wa watu. Kwao alifundishwa kwamba mkubwa hasemwi mbele za watu, na somo hilo lilimwingia mpaka kwenye mifupa. Mashine angeiambia umekosea bila kupepesa macho. Binadamu aliyemzidi umri, hasa mwenye cheo, alimzungukia mbali kama mtu anayekwepa dimbwi.

Kila Ijumaa, kikaoni, alitoa ripoti ya ukurasa mmoja kwa wakubwa watatu: mkurugenzi, muuguzi mkuu na mfamasia mkuu. Hakuna kati yao aliyejua habari za kompyuta, na hawakupaswa kujua. Walichohitaji ni kuelezwa kwa lugha ya kawaida kazi imefika wapi, nini kimekwama, na kuna hatari gani wakifungua siku waliyopanga. Juu kabisa aliweka rangi: kijani mambo safi, njano kuna tatizo, nyekundu simama. Aliipenda ripoti yake. Aliipanga vizuri, akaichapa, akaibana kwa pini, na kila mara akaamini imeeleweka.

Sasa, mfumo ulibakiza jambo moja zito. Dozi ya mtoto hupimwa kwa uzito wake, na jedwali la dozi hizo halina mwingine wa kuliandaa na kuliidhinisha ila mfamasia mkuu. Bila jedwali, sehemu ya watoto haikujaribika. Na mfamasia mkuu alikuwa mjomba wa mumewe, mzee mpole wa miwani mizito, ndiye aliyemwambia kuna nafasi ya kazi pale, ndiye aliyesimama upande wa bwana harusi siku ya ndoa yao. Kumwandika kwamba kachelewesha? Thubutu. Basi kwenye sehemu ya vikwazo aliandika maneno ya adabu: tunasubiri takwimu kutoka idara husika. Wiki iliyofuata akayaandika tena. Na iliyofuata tena, kwa rangi ileile ya njano.

Si kwamba hakujaribu kumkumbusha. Alituma barua pepe kwenye anwani ya idara nzima, ambayo kila mtu aliifungua akidhani ni ya mwenzake. Siku moja wakakutana ukumbini, akamsalimia shikamoo, akajikaza na kumwambia kwamba bado wanasubiri zile takwimu za watoto. Mjomba akatikisa kichwa kwa huzuni, akasema kweli, watu hao wanachelewesha sana. Kisha akaenda zake. Mama Mashaka alibaki amesimama, uso umemshuka. Alidhani amepigwa chenga na mzee mzima.

Wakati huohuo, juu ya ripoti, ile asilimia ilikuwa inapanda. Karibu majaribio yote yamefaulu, ilisema, na ilikuwa kweli, kwani ilihesabu yale tu yaliyofanyika. Majaribio ya watoto hayakuwa yamefaulu wala kushindwa. Yalikuwa hayajafanyika, kwa hiyo hayakuonekana popote kwenye hesabu. Mkurugenzi alikuwa akiitazama ile namba kubwa kwa furaha, akapanga mfumo ufunguliwe Jumatatu kwa wodi zote.

Alhamisi jioni Mama Mashaka alikuwa mezani nyumbani akiandaa ripoti ya mwisho kabla ya kufungua, mumewe upande wa pili akisafisha droo ya friji ya mteja kwa mswaki wa zamani. Alitaka tu kujua kama Jumamosi mkewe atakuwa na nafasi waende kuangalia kiwanja. Mkewe akajibu itategemea, kuna kitu wanakisubiri.

"Mnamsubiri nani?"

"Idara husika."

"Ndiyo nani?"

"Mjomba wako."

Mumewe akaacha kusugua. "Yeye anajua kama anasubiriwa?"

Alitaka kusema bila shaka anajua, imeandikwa mbele yake kila Ijumaa. Akaichukua ripoti akaisoma kama asiyemjua aliyeiandika, jambo ambalo angelifanyia mfumo siku ya kwanza na ambalo ripoti yake mwenyewe hajawahi kuifanyia. Hapakuwa na jina la mtu wala tarehe. Hapakuwa na sentensi iliyosema kitatokea nini kwa mtoto mgonjwa Jumatatu. Alitaka kumpigia mjomba simu usiku uleule, mumewe akamwambia ampigie, yule ni mzee wa watu, asimwaibishe kikaoni. Akapiga. Simu ya mzee ilikuwa imezimwa, kama ilivyozimwa kila jioni tangu aanze kulalamika kwamba simu humharibia usingizi.

Akaandika upya. Aliandika hivi: Sehemu ya watu wazima iko tayari. Sehemu ya watoto haijajaribiwa hata mara moja. Tukiifungua Jumatatu, mtoto anaweza kupewa dozi isiyo yake na hakuna atakayejua mapema. Kinachokosekana ni jedwali la dozi za watoto, kutoka kwa mfamasia mkuu, leo. Ushauri: tufungue kwa watu wazima, watoto wabaki kwenye karatasi. Ile asilimia akaishusha chini, na pembeni yake akaandika idadi ya majaribio ambayo hayajafanyika. Rangi akaweka nyekundu. Mumewe akaisoma juu ya bega lake, akapumua kwa nguvu.

Asubuhi alifika mapema akamtafuta mjomba ofisini kwake, akaambiwa ameshapanda kikaoni. Akamkuta ameketi karibu na mkurugenzi, wanacheka. Hapakuwa na pa kumvuta pembeni. Akagawa karatasi, akakaa, macho akayapeleka kwenye kucha zake.

Muuguzi mkuu ndiye aliyemaliza kusoma kwanza, akauliza kwa nini wanaambiwa leo. Mkurugenzi akasema wiki iliyopita ilikuwa njano, na wiki ile nyingine njano, yeye akajua njano maana yake ni kawaida. Mfamasia mkuu alikuwa bado anasoma. Alivua miwani, akaivaa tena, akamgeukia mkwewe.

"Mwanangu, ile idara husika ilikuwa mimi?"

"Ndiyo, mjomba."

"Jedwali nimelimaliza siku nyingi. Liko kwenye kompyuta yangu. Mimi nilikuwa nawasubiri hao idara husika waniite."

Mama Mashaka alihisi uso unamwaka moto. Wiki zote zile alikuwa amemhukumu mzee kimoyomoyo, amemwita mzembe, amemwonea huruma ya kujidai ya kumfichia aibu, kumbe kilichokwamisha kazi ni adabu yake mwenyewe, iliyochapwa vizuri na kubanwa kwa pini.

Mkurugenzi akataka kujua kama, madhali jedwali lipo, wanaweza kuendelea na Jumatatu yao. Kwa mara ya kwanza Mama Mashaka alimjibu mkubwa bila kuzunguka. Alisema hapana, kuwa na jedwali si kuwa umejaribu, atatoa jibu baada ya kujaribu.

Jumamosi asubuhi wakaketi wawili mbele ya skrini, kule kwenye ofisi ya jirani na chumba cha kufulia, mjomba akisoma jedwali na yeye akiandika. Mtoto wa kilo kumi, sawa. Mtoto wa kilo kumi na tano, sawa. Mzee akaanza kuchangamka, akasema vijana wamefanya kazi nzuri. Kisha Mama Mashaka akaandika mtoto wa kilo saba na nusu, na badala ya kuweka nukta akaweka mkato, kama wauguzi wengi wa wodi ile wanavyoandika kwenye kadi. Mfumo haukulalamika. Uliumeza mkato kimyakimya, ukasoma sabini na tano, ukatoa dozi ya mtu mzima mwenye mwili wake.

Mzee aliikodolea macho ile namba. Alisogeza kiti, akaomba arudie. Akarudia. Ikawa ileile.

"Huyu tungemuua," alisema taratibu.

Mama Mashaka akalia. Alilia bila kujificha, mbele ya mkubwa wake. Akasema mjomba nisamehe, nilikuogopa, na woga wangu ungefunguliwa Jumatatu pamoja na mfumo. Mzee hakumkatisha. Alingoja mpaka akapangusa uso, kisha akanyoosha kidole kwenye skrini, kwa yule mtoto wa kilo saba na nusu ambaye hakuwahi kuzaliwa.

"Mimi dirishani mama akija na mtoto, namwambia mpe kijiko kimoja asubuhi, kimoja jioni," alisema. "Simwambii ampe kipimo husika. Siku nikimwambia hivyo kwa kumwonea haya, ujue nimemwacha mtoto wake peke yake."

Akavuta kiti karibu zaidi, akamwambia aandike ripoti sasa hivi wakiwa wote wawili, na jina lake yeye mzee aliweke mstari wa kwanza.