Lolote Utakalojibu

Isakwisa alikuwa mchora ramani katika ofisi ya ardhi Mbeya. Alikuwa na miaka hamsini na minne, amebakiza mmoja kustaafu, na Dar es Salaam alikuwa hajaiona ila kwenye ramani. Chesi alifundishwa na daktari mmoja Mhungari aliyekuwa jirani yake. Daktari alipoondoka alimwachia ubao, na tangu hapo Mbeya hakutokea wa kumfunga. Katika mambo mengine alikuwa mpole. Kwenye ubao alijisikia, tena sana.

Mwaka wa sabini na tisa wachezaji wa Dar waliandika barua: nyanda za juu zilete mtu mmoja, mmoja tu, kwenye mashindano ya Saba Saba. Iringa wakamtoa Tekla, mwalimu wa hesabu. Isakwisa alicheka, kwa sababu Tekla alijifunzia chesi sebuleni kwake, enzi alipokuwa akifundisha Mwanjelwa, hapo hapo Mbeya. Akaomba likizo, akashona na shati jipya.

Mchezo wa kuamua nani kati yao aende Dar ulichezwa kwa barua. Saulo, dereva wa basi, alizipeleka na kuzirudisha. Lakini mafuta yalikuwa shida baada ya vita, basi liliweza kulala wiki nzima, na mchezo ulitakiwa uishe mwisho wa Juni. Ili kuokoa muda walitumia utaratibu ambao Isakwisa mwenyewe ndiye aliyemfundisha binti yule: unaruhusiwa kuandika mbele, kwamba ukicheza hivi, mimi nacheza vile. Mwenzako akicheza hivyo, jibu lako limeshachezwa. Kilichoandikwa kimeandikwa.

Juni ilipoanza, wafalme walikuwa wamejificha pande tofauti. Wa Isakwisa alikuwa kushoto, nyuma ya askari watatu. Wa Tekla alikuwa kulia. Mchezo wa namna hiyo ni mbio: kila mmoja anasukuma askari wake kumbomolea mwenzake ukuta, bila kuogopa kumwacha mfalme wake wazi, kwa kuwa mfalme wake hayupo upande huo. Isakwisa alihesabu kwa kidole. Alihitaji hatua tatu au nne. Malkia wa Tekla alikuwa amesimama peke yake kwenye chumba cha a6, akiutazama mstari mzima mpaka kwa askari wa a2, ambaye hakuwa na mlinzi.

Sekela, mkewe, hakujua chesi, lakini miaka ishirini ya kufuta vumbi ubao ule ilimpa macho. Alimwuliza kwa nini yule mdogo wa pembeni amekaa peke yake. Isakwisa alijua dawa yake: kumsogeza mfalme chumba kimoja, hadi b1, amlinde. Akasema hiyo ni kazi ya waoga. Akaandika: “Nasukuma askari h5. Lolote utakalojibu, nasukuma g6.” Akamkimbilia Saulo stendi.

Jibu lilikuja siku ya tisa. Isakwisa alilisoma amesimama, kisha akakaa chini bila kutazama kama kiti kipo.

“Mzee wangu, shikamoo,” Tekla alikuwa ameandika. “Malkia wangu anakula askari wa a2. Wewe umeshasukuma g6. Malkia anaingia a1, na mfalme hana pa kwenda. Nimekaa na barua yako siku mbili nikitafuta njia ya kutoliona neno lile. Ulinifundisha mwenyewe kwamba halifutwi.”

Alipanga ubao. Mfalme wake alikuwa c1. Kulia kwake alisimama ngome yake mwenyewe, na mbele yake askari wake na askofu wake, wote wamemzibia njia. Chumba kilichobaki, b1, malkia wa Tekla alikuwa anakichoma. Hakuna wa kujikinga naye. Baada ya a2 kuliwa, angemwondoa tu askofu, mfalme angepata mlango wa kutokea. Lakini zamu yake ilikuwa imeshatumika tangu siku ile stendi.

Kilichomtoa jasho kilikuja baadaye. Alirudisha kete zote mahali pake na safari hii akamsogeza mfalme b1 kwanza. Malkia wa Tekla akabaki hana cha kula. Akasukuma h5, akasukuma g6, akahesabu pande zote mbili, akahesabu tena. Alifika wa kwanza. Nafasi ya ile hatua ya woga ilikuwepo, na bado angeshinda. Alihesabu mara ya tatu, jibu likawa lile lile, na hakuweza kuamini.

Asubuhi alikwenda kwa mkuu wake kurudisha likizo. Mkuu alishangaa, kwani ofisi nzima ilikuwa imeshamuaga. Akamwuliza nini kimetokea, mbona mchezo alisema ameumaliza.

“Niliumaliza,” Isakwisa alisema. “Nilimaliza hata zamu ambayo ilikuwa bado haijafika.”