Njiwa Usoni mwa Lévi

Kampemba, mtaa wa Lubumbashi, ukitaka harusi yako ijulikane au marehemu wako aliliwe kwa heshima, ulikwenda kwa Chancelvie. Alikuwa na chumba kimoja kando ya soko, kompyuta yenye kelele kama mashine ya kusaga mahindi, na betri kubwa ya gari ya kumvusha pale umeme unapokatika, yaani kila siku. Watu walimletea picha mbaya zilizopigwa kwa simu zenye vioo vilivyopasuka. Yeye aliziosha, akaziwekea anga la buluu, jina kwa herufi za dhahabu, na maua pembeni. Hata marehemu aliyeishi maisha yake yote bila koti alizikwa amevaa koti, kwa hisani ya Chancelvie.

Alikuwa mwanamke mpole mwenye ulimi mkali, na kuhusu kazi alikuwa na sheria moja tu. Hakugandisha picha ya mtu. Aliihifadhi na matabaka yake, au calques kama wanavyosema watu wa kazi hiyo: chini kabisa picha, juu yake rangi, juu yake maandishi, juu ya yote maua na vibandiko. Ukifungua faili kama hiyo unaweza kuchagua tabaka moja ukalifuta, na kilichokuwa chini yake kinatokea kizima, hakina hata mkwaruzo. Ile picha ya kawaida inayorushwa kwenye simu si hivyo. Hiyo kila kitu kimeshikana, na anayetaka kutoa ua atatoa na shavu.

Hakuwa na sheria hii kwa sababu ya ubingwa. Alikuwa anawajua wateja wake. Lubumbashi hakuna mtu anayemaliza kazi mara moja. Bango la ubatizo linarudi kuwa la ndoa, la ndoa linarudi kuwa la matanga, na katikati yake mjomba fulani amekasirika na jina lake lazima litoke. Gérard, aliyekuwa na mashine kubwa ya kuchapa mabango upande wa pili wa soko, alitaka pia iwe hivyo. Picha zilizogandishwa alizirudisha bila hata kuzifungua.

"Nitumie faili na calques yote," alimwambia kila mtu. "Pasta anabadilisha ma-mots, maneno yote, saa ya mwisho. Mi nitafanya nini na photo yenye imekufa?"

Basi hivyo ndivyo walivyofanya kazi, miaka yote, na hakuna aliyedhurika.

Mwanzo wa mwaka 2025 Goma, kule Kivu mashariki ya nchi, ikaanguka mikononi mwa waasi, na haukupita muda Bukavu nayo ikafuata. Lubumbashi iko mbali na huko, lakini vita vina miguu mirefu. Malori ya maharage ya wafanyabiashara wa Kivu hayakuja tena. Sokoni watu walianza kuangaliana: nani anatoka wapi, nani anaongea namna gani. Makanisa yakaanza kupokea watu waliofika na mifuko ya plastiki, wakiwa wamezunguka nchi tatu ili kurudi ndani ya nchi yao wenyewe.

Émerance alikuwa Mnande, kabila la Kivu, muuza maharage kwa jumla, na jirani wa Chancelvie kwa ukuta mmoja. Watu hawa wawili walikuwa wamegombana na kupatana mara nyingi mpaka wakawa ndugu. Mdogo wake Émerance, Lévi, alikuwa utingo wa lori kule kwao Lubero. Kikundi cha watu wenye silaha kilisimamisha lori lao, kikamwua dereva, kikamchukua Lévi kubeba mizigo porini. Alikaa nao mpaka akawajua kwa nyuso na kwa majina, na siku moja akaenda kuteka maji asirudi. Kikundi hicho hakikusamehe anayetoroka. Kilikuwa na jamaa na masikio katika kila mji wenye wafanyabiashara, na Lévi aliamini kwamba Lubumbashi nako wamo. Alipofika na wakimbizi wengine, Émerance akamficha Kasungami, pembezoni mwa mji, kwenye shamba la mahindi la muumini mmoja, na kila Jumapili alimpelekea unga na dagaa.

Kosa la kwanza halikuwa la Chancelvie, na ninalisema mapema kwa sababu baadaye watu walimbebesha yote. Siku wakimbizi hao walipofika katika kanisa la karibu na soko, Pasta Adalbert wa kanisa hilo aliwapanga ukutani akawapiga picha kabla hata hawajanywa maji. Lévi alikuwa katikati, amebeba mtoto wa mtu mwingine. Wiki chache baadaye pasta alitaka bango kubwa la kuomba michango, na picha iliyotoka vizuri ilikuwa hiyo moja.

Émerance alisikia habari hiyo, akaingia kwa Chancelvie bila kubisha.

"Yaya, kaa kwanza," Chancelvie akasema, akimwita dada mkubwa kama siku zote.

"Sikai. Ndugu yangu iko mule mu photo. Umutoshe."

Chancelvie alijaribu kumtoa. Lakini Lévi alikuwa katikati kabisa na mtoto mikononi. Ukimkata yeye, mtoto anabaki ananing'inia hewani. Akafikiri, kisha akatafuta kibandiko cha njiwa mweupe aliyekunjua mabawa, akamweka juu ya uso wa Lévi, akamkuza mpaka masikio nayo yakafunikwa. Kwa kuwa bango lilikuwa na neno AMANI, njiwa alionekana kama amekuja mwenyewe. Émerance akainama mbele ya skrini kwa muda mrefu.

"Haonekane?"

"Haonekane, yaya. Hata mama yenu hawezi kumujua."

Pasta naye aliona nakala kwenye simu yake, akaipenda. Chancelvie akahifadhi faili kama alivyohifadhi kila faili, akamtumia Gérard kama alivyomtumia kila kazi. Kulikuwa na wateja wawili mlangoni na umeme ulikuwa unataka kwenda. Haikumpitia akilini kwamba ndani ya faili ile uso wa Lévi ulikuwa bado upo mzima, na kilichomtenga na dunia ni kitu ambacho kidole cha mtu yeyote kingeweza kukiondoa.

Bango lilitundikwa Ijumaa kwenye ukuta wa kanisa, unaotazama barabara ya soko. Chancelvie aliliona Jumamosi, akiwa na mboga mkononi. Aliona kwanza herufi zake za dhahabu akajisikia vizuri. Kisha akamwona Lévi. Alikuwa mkubwa kuliko mtu, amekodoa macho kwa uchovu, kovu lake la kidevuni linaonekana toka ng'ambo ya barabara.

Mboga alizitupa. Alikwenda kwa Gérard karibu akikimbia, akamkuta anafurahi kumwona.

"Uliona bango? Ilitoka muzuri sana."

"Papa Gérard, ndeke iko wapi?"

"Ndeke gani?"

"Ile njiwa ya mweupe. Yenye ilikuwa ku sura ya ule kijana."

"Ah, ile. Niliitosha." Alisema kama mtu anayengojea shukrani. "Pasta alinipigia asema numéro ya kutumia michango imebadilika. Nikafungua faili nibadilishe. Nikaona ule ndeke amefunika muntu sura yote. Nikawaza mukono yako iliteleza. Nikachagua calque, nikafuta. Na chini yake kijana wa watu, tena muzuri, amebeba mutoto. Bantu batatoaje michango kama habaone sura?"

Chancelvie alikaa kwenye ndoo ya wino iliyokuwa tupu. Alitaka kumtukana na hakupata tusi linalomfaa. Mtu huyu alikuwa amefanya wema. Angekuwa mwizi au msaliti ingekuwa rahisi, angemshika shati. Lakini alikuwa Gérard tu, aliyetaka kila mtu aonekane vizuri kwenye bango.

"Ulipaswa kuniuliza," alisema mwishowe.

"Na weye ulipaswa kuniambia," Gérard akajibu, sasa akiwa ameanza kuelewa, na sauti yake ikashuka. "Calque ilikuwa imeandikwa hivi tu, Calque 7. Mi nitajua aje?"

Hilo nalo lilikuwa kweli, na ndilo lililomuuma zaidi.

Walikwenda wote wawili wakaling'oa bango, mbele ya watu waliouliza kwa nini. Walilikunja kama maiti, wakalibeba hadi chumbani kwa Chancelvie. Haikusaidia. Vijana wa kwaya walikuwa wamejipiga picha mbele yake tangu jana, wakazituma kwenye makundi yao, na makundi ya Lubumbashi yana ndugu Butembo na Beni na kila mahali. Pasta mwenyewe alikuwa amelituma kwa kila namba aliyokuwa nayo, akiomba walisambaze.

Chancelvie ndiye aliyekwenda kumwambia Émerance. Hakutafuta njia ya kulizungusha. Émerance alimsikiliza mpaka mwisho, akachukua mkoba wake, akapanda pikipiki kwenda Kasungami akiwa bado na kandambili za nyumbani. Mpango ulikuwa kumpeleka Lévi Kilwa, ile iliyo kando ya ziwa la mpakani, siku hiyo hiyo, avuke kwenda Zambia.

Alikuta kibanda kitupu, na mahindi yamelazwa chini kando yake. Mwenye shamba alisema wamekuja wanaume wawili asubuhi, wenye adabu, wanaongea Kiswahili cha Kivu. Walikuwa na picha kwenye simu. Walisema ni kaka zake, wamemtafuta kwa machozi, na kanisani wameelekezwa huku. Mwenye shamba, ambaye hakuwa amejua chochote zaidi ya kwamba kijana ni mkimbizi, alifurahi kwa niaba yake akawaonyesha alikokuwa anapalilia.

Polisi waliandika. Kanisa lilifunga na kuomba. Pasta Adalbert alilia kweli, lazima niseme, ila alilia akiwa madhabahuni. Chancelvie hakulala vizuri na hakula, na maneno mtaani yalikuwa kwamba Mkasai ameuza mtoto wa Wanande. Yeye babu yake alitoka Kasai, basi ikawa hivyo. Émerance ndiye aliyewanyamazisha waliosema hayo mbele yake, ingawa kwa Chancelvie mwenyewe hakuja.

Alikuja Jumatatu ya pili. Alisimama mlangoni mpaka mteja aliyekuwa ndani akaona aibu akatoka.

"Nataka tangazo ya kutafuta muntu," alisema. "AVIS DE RECHERCHE. Niweke ku soko, ku gari, ku mupaka, kila fasi."

"Ndiyo, yaya. Unipatie photo yake."

"Sina photo. Simu yake ilibaki na bale ba mu pori, na yangu iliibiwa mwaka jana." Aliitazama kompyuta, si Chancelvie. "Photo njo hiyo yako."

Chancelvie alifungua faili. Ilikuwa ile yake yeye, si ya Gérard, na njiwa alikuwa bado mahali pake, mabawa wazi. Alifuta kwanza neno AMANI, kisha namba ya michango, kisha anga la buluu. Alipofika kwenye njiwa akamgeukia Émerance. Alisubiri aseme neno lolote, hata la kumlaani.

"Mutoshe," Émerance akasema. "Bantu bamuone sasa."

Chancelvie akabonyeza. Njiwa akaondoka mara moja, bila kuacha alama, na Lévi akawatazama wote wawili kwa macho ya mtu anayeomba maji.